Saa moja yako ni shilingi ngapi? Ovataimu ya moja na nusu na jumla ya wiki nzima

Haya ni maongezi niliyotoa kwenye kikao cha wafanyakazi wa viwandani hapa Dar, wengi mafundi cherehani na watu wa kupaki. Kuna waliokua shifti wakakosa wakaomba niyaandike, kwa iyo nimeandika hivyo hivyo nilivyoongea.

Ndugu zangu asanteni kwa kubaki, najua wengine mmetoka kazini sasa ivi na nyumbani wanawasubiri, sitazunguka sana. Mimi kazi yangu ni kuandaa mishahara, yaani karatasi za masaa zinapita mkononi kwangu kila mwezi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, "mbona ovataimu yangu imetoka ndogo?" Basi na mimi namuuliza aliyeniuliza, saa yako moja ni shilingi ngapi? Kimya. Mshahara wa mwezi anaujua mpaka shilingi ya mwisho, siku alizobaki kiwandani mpaka usiku anazikumbuka zote, ila saa yake moja hajui bei yake. Sasa ukiambiwa unalipwa asilimia 150, ni asilimia 150 ya nini kama saa yenyewe hujui ni bei gani? Ndo maana leo nataka tukae kwanza kwenye iyo saa moja mpaka kila mtu aijue ya kwake, tukimaliza hapo wiki nzima inajijumlisha yenyewe.

Tuanze na sheria inavyosema, kwa kifupi tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 19, inasema kazi ya kawaida mwisho wake ni siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Ukivuka masaa yako ya kawaida hayo yanayozidi ni ovataimu, na ovataimu inalipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Lishikeni ilo neno kisichopungua. Mwajiri akitaka kukulipa mara mbili ruhusa, mkataba wenu wa hiari wa chama ukiweka zaidi ni halali kabisa, ila kushuka chini ya moja na nusu haruhusiwi hata kama ulisaini karatasi.

Na asilimia 150 ni kitu kimoja na moja na nusu, msichanganyikiwe. Zile mia ni saa yenyewe uliyofanya, zile hamsini ni nyongeza kwa sababu umefanya nje ya masaa yako. Saa ya 2,000 ikiwa ovataimu inakua 3,000. Mtu akikulipa 1,000 kwa iyo saa akakwambia "ndo nusu yako ya ovataimu" amekupa nyongeza peke yake na saa yenyewe hajailipa, na ili ntarudi kwake kwa urefu maana ndipo hela nyingi za watu zinapopotelea.

Sasa bei ya saa inatoka wapi kama wewe unalipwa kwa mwezi? Hapa ndo pagumu kwa sababu mwezi hauna idadi moja ya masaa, Februari sio sawa na Machi, kuna mwezi una Jumamosi nne na mwingine tano. Kila mtu angegawa anavyojisikia basi bei ya saa ingebadilika kila mwezi. Sheria imeliona ilo, kwa iyo kwenye Jedwali la Kwanza imeweka namba moja ya kutumia mwaka mzima, kwamba mwezi una wiki 4.333. Imetoka wapi hiyo? Mwaka una wiki 52, gawa kwa miezi 12 unapata 4.333, basi. Ukitaka bei ya saa unachukua mshahara wa msingi wa mwezi unagawa kwa 4.333 mara masaa yako ya kawaida ya wiki. Kwa mtu wa masaa 45, 45 mara 4.333 inakuja 194.985, ambayo kila mhasibu anaandika 195. Iyo 195 iandikeni nyuma ya daftari, kwenye simu, popote, maana ndo ufunguo wa kila kitu kinachofuata leo.

Ila angalia, 195 ni ya mtu wa masaa 45. Kama mkataba wako unasema wiki yako ni saa 40 wewe unagawa kwa 173.3, na saa yako inakua ghali zaidi kwa mshahara ule ule. Na kuna watu wanatumiwa na ndugu zao walioko Kenya kikokotoo kimeandikwa 225 wanakuja kuniuliza mbona hakifanani. Hakifanani kwa sababu kule amri yao ya jumla ya mishahara imeweka wiki ya saa 52, kwa iyo kigawanyo chao ni 225. Ni hesabu sahihi kwao, ila ukiitumia Tanzania unajipunja mwenyewe bila kupunjwa na mtu.

Kingine kabla hatujaanza mfano, mshahara wa msingi ni ule tu wa kazi ya masaa ya kawaida. Posho ya nauli haimo, posho ya nyumba haimo, chakula hakimo, ovataimu ya mwezi uliopita haimo. Ukiona slipu yako juu imeandikwa msingi 390,000 halafu nauli 60,000, jumla 450,000, ovataimu unaitafuta kwenye 390,000. Najua inauma, na kwa kweli ndo maana waajiri wengine wakati wa kuajiri wanapenda kukwambia "jumla utapata laki nne na nusu" bila kukuonyesha imegawanyika vipi. Siku ya kusaini muulize msingi ni ngapi, maana msingi ukiwa mdogo na posho kubwa kila saa ya ovataimu kwa miaka yote utakayokaa pale itakua ya bei ya chini.

Haya, tuchukue fundi cherehani mmoja, msingi wake ndo huo 390,000, tufanye wiki yake yote kuanzia getini. 390,000 gawa kwa 195 unapata 2,000. Saa yake ya kawaida ni shilingi 2,000, saa yake ya ovataimu ni 3,000. Ratiba yake ya kawaida ni Jumatatu mpaka Ijumaa anaingia saa 2 asubuhi anatoka saa 11 jioni, katikati saa nzima ya chakula, kwa iyo anafanya saa 8 kwa siku, mara siku 5 ni 40, na Jumamosi saa 2 mpaka saa 7 mchana ni saa 5. Jumla 45, sawasawa na sheria.

Wiki iyo kuna oda inatakiwa kutoka. Jumatatu katoka muda wake, saa 8. Jumanne katoka saa 1 usiku, toka saa 2 asubuhi mpaka saa 1 usiku ni saa 11, toa saa ya chakula ni saa 10. Jumatano vile vile saa 10. Alhamisi cherehani ya mwenzake imeharibika akabaki kumalizia kazi mpaka saa 11 na nusu jioni, saa 8 na nusu. Ijumaa saa 10 tena. Jumamosi badala ya kutoka saa 7 mchana kala saa moja akarudi kwenye mashine saa 8 akatoka saa 10 alasiri, zile 5 za asubuhi na 2 za mchana ni saa 7.

Jumlisha polepole, 8 na 10 ni 18, na 10 ni 28, na 8 na nusu ni 36 na nusu, na 10 ni 46 na nusu, na 7 ni 53 na nusu. Toa 45, zinabaki 8 na nusu. Na mimi huwa siamini njia moja, nazihesabu tena siku kwa siku zile zilizozidi tu: Jumatatu hakuna, Jumanne 2, Jumatano 2, Alhamisi nusu, Ijumaa 2, Jumamosi 2. Ni 8 na nusu pia. Zikifanana hivyo ujue masaa yako umehesabu vizuri, zisipofanana kuna siku umeiandika vibaya au saa ya chakula umeisahau, irudie kabla hujaenda kugombana na mtu.

Sasa hela. Niliziandika ubaoni hivi:

```
390,000 ÷ 195     = 2,000
2,000 × 1.5       = 3,000
45 × 2,000        = 90,000
8.5 × 3,000       = 25,500
90,000 + 25,500   = 115,500
```

Wiki iyo fundi wetu kaingiza 115,500. Iyo ni kabla ya makato, NSSF na PAYE bado havijatolewa, kwa iyo usishangae mkononi ikiwa pungufu, na ovataimu nayo inahesabika kwenye kodi.

Hapo dada mmoja aliuliza kitu kizuri sana, alisema kiwandani kwao mhasibu anafanya tofauti, anachukua masaa yote anazidisha kwa bei ya kawaida halafu anaongeza nusu. Je anaibiwa? Tukafanya wote. Masaa yote 53.5 mara 2,000 ni 107,000. Zile 8.5 za ovataimu mara 1,000, yaani nusu ya bei, ni 8,500. Jumlisha ni 115,500, ile ile. Kwa iyo haibiwi, ni njia mbili za kufika sehemu moja. Njia ya kwanza inatenganisha masaa, 45 huku na 8.5 kule, na zile za kule zinalipwa moja na nusu nzima. Njia ya pili inalipa masaa yote kwanza kwa bei ya kawaida, kwa iyo zile 8.5 zimeshalipwa mia yake, imebaki hamsini tu.

Balaa linakuja mtu akichanganya. Anachukua 90,000 ya njia ya kwanza, ile ya masaa 45, anaongeza 8,500 ya njia ya pili, anakuandikia 98,500. Ukiangalia haraka haraka inaonekana ina akili, kuna mshahara na kuna "ovataimu kwa nusu", ila zile saa 8 na nusu zenyewe hakuna aliyezilipa. Fundi wetu kapungukiwa 17,000 kwa wiki moja. Na nyie mnaodai mnaweza kuchanganya upande wa pili, unachukua 107,000 unaongeza 25,500 unaenda ofisini unadai 132,500, mhasibu anakuonyesha kosa lako dakika moja tu na kuanzia hapo hata dai lako la kweli anaanza kuliona la uongo. Mwingine anazidisha wiki nzima kwa 3,000 kwa sababu "nimefanya ovataimu wiki hii", hapana, zile 45 za kwanza hazigeuki kua ovataimu kwa sababu umeendelea baada yake.

Utajuaje kwenye slipu yako kama uko kwenye ile 98,500? Chukua hela ya ovataimu waliyoandika gawa kwa masaa ya ovataimu. Hapa 8,500 gawa kwa 8.5 unapata 1,000. Sasa linganisha na bei ya saa yako ya kawaida. Hela ya ovataimu kwa saa ikiwa ndogo kuliko bei ya saa ya kawaida, angalia kama masaa yako yote yamelipwa kwenye mstari mwingine. Kama mstari wa juu unaonyesha mshahara wa kawaida tu bila nyongeza yoyote basi umelipwa nusu peke yake.

Kosa lingine ni la kigawanyo, na hili mara nyingi wala sio kwa ubaya, mtu kakua akijua mwezi ni siku 30 na siku ni saa 8, anagawa kwa 240. Fundi wetu saa yake inashuka kutoka 2,000 inakua 1,625, ovataimu inakua 2,437 na senti 50, na zile 8 na nusu zinatoka 20,718 na senti 75 badala ya 25,500. Karibu 4,800 imeyeyuka na hakuna mtu aliyegusa masaa yako hata moja. Ukimuuliza mhasibu atakuonyesha ameshazidisha kwa moja na nusu kweli, na kweli kazidisha, ila kazidisha kitu kilichopunguzwa kabla. Siku 30 zina Jumapili ndani yake ambazo hufanyi kazi, ndo maana 240 ni kubwa mno. Kwa iyo ukienda kuuliza usianze na "mmenilipa moja na nusu?", anza na "mmegawa kwa ngapi?"

Na dakika. Hii naona inadharauliwa sana. Saa 8 na dakika 30 kwenye karatasi ya supavaiza imeandikwa 8.30, mtu wa ofisini anabonyeza kwenye kalkuleta 8.30 mara 3,000 anapata 24,900. Kalkuleta haijui dakika, yenyewe inasoma nane na sehemu tatu za kumi. Nusu saa ni 0.5, robo saa ni 0.25, dakika 45 ni 0.75, dakika 20 ni 0.33, unachukua dakika unagawa kwa 60. Hapo ni 600 tu imepotea, lakini ipoteze kila wiki kwa watu wote wa laini moja uone. Na wale mnaotumia Excel kuna mtego mwingine, ukiandika muda kama `8:30` kwenye kiboksi chenyewe kinauhifadhi kama sehemu ya siku nzima, ukizidisha moja kwa moja kwa 3,000 kinakuletea 1,062.5, namba ya ajabu kabisa. Unatakiwa uzidishe na 24 kwanza:

```
=A1*24*3000
```

hapo inakuja 25,500 kama tulivyopata kwa mkono. Halafu hicho chenye jibu hakikisha kimewekwa kuonyesha namba ya kawaida na sio saa.

Saa ya chakula nayo. Mliuliza wengi. Sheria inataka ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo upate mapumziko yasiyopungua dakika 60, na iyo saa mwajiri halazimiki kuilipa. Ila akikwambia kula hapo hapo kwenye mashine, mteja anakuja, usitoke, yaani unatakiwa uwe tayari kwa kazi, iyo sio mapumziko, ni muda wa kulipwa. Tuseme fundi wetu Ijumaa alikula huku anashona, masaa yake ya siku iyo sio 10 ni 11, ovataimu ya wiki inapanda mpaka 9.5 na jumla inakua 118,500. Shida ni kwamba mashine ya kidole getini haioni kama ulikula au ulishona, inaona umeingia na umetoka. Kwa iyo siku kama iyo andika mwenyewe, tarehe, nani kakwambia ubaki, na kazi gani ulikua unafanya.

Usiku na Jumapili nitapita haraka. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya msingi, na kama iyo saa ni ovataimu iyo asilimia 5 inahesabiwa juu ya bei ya ovataimu. Kwa fundi wetu saa ya ovataimu baada ya saa 2 usiku ni 3,000 na 150, yaani 3,150. Kiwango kidogo, ila ni haki yako na wengi hawaijui kabisa. Siku ya mapumziko ya wiki, kwa wengi ni Jumapili, na sikukuu za serikali, saa inalipwa mara mbili, sio moja na nusu. Angeitwa Jumapili ile saa 4 angepata 4 mara 4,000, shilingi 16,000, ukiijumlisha na 115,500 wiki inakua 131,500. Usikubali Jumapili iingizwe kwenye fungu moja na masaa ya Jumanne, ina mstari wake.

Kuna na mipaka, na hii nawaambia nyie mnaopenda ovataimu maana najua mpo. Ovataimu ni kwa makubaliano, halafu haitakiwi ipite saa 50 ndani ya wiki 4, na kwa siku moja masaa yote pamoja na ovataimu yasizidi 12. Kwa bei ya fundi wetu hizo saa 50 ni 150,000, ndo dari yake kwa wiki nne kwa ovataimu ya kawaida. Mtu akija na karatasi ya saa 70 mimi najua mojawapo ya mawili, aidha masaa yameandikwa vibaya au kiwandani kwao kuna tatizo kubwa kuliko hela. Na kupita kwa mpaka hakumwondolei mwajiri deni, ulichofanya kazi ni chako.

Kaka mmoja wa stoo alitoa mfano wake na tulibishana nao kidogo. Jumanne hakwenda kazini, alikua na msiba, siku iyo hailipwi. Jumatatu yake alikua amefanya kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, toa chakula ni saa 11. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa saa 8 kila siku na Jumamosi 5. Jumla ni saa 40. Supavaiza kamwambia hujafika 45 kwa iyo huna ovataimu. Sasa hapo watu wengi mlikubaliana na supavaiza, na mimi nasema hapana, kwa sababu sheria imeweka kikomo cha aina mbili, cha wiki saa 45 na cha siku saa 9, na ukivuka kimojawapo umevuka. Jumatatu alifanya 11, kwa iyo saa 2 haziwezi kuitwa za kawaida hata wiki ikiwa fupi. Akiwa na bei ile ile ya 2,000 hesabu yake ni saa 38 mara 2,000, 76,000, na saa 2 mara 3,000, 6,000, jumla 82,000. Wao walimwandikia 80,000. Ile saa ya 9 ya Jumatatu ndo inabishaniwa, maana mkataba wake unasema 8 kwa siku, hapo inabidi kusoma mkataba wenyewe. Ila 82,000 ni ya chini kabisa.

Ndugu wa ulinzi akauliza kuhusu shifti ya saa 12, siku 5. Kwenu kuna utaratibu mwingine, kwa makubaliano ya maandishi mwajiri anaweza kuwapangia mpaka saa 12 kwa siku, chakula kikiwa ndani yake, bila kuita ovataimu zile zinazozidi 9. Lakini siku zisizidi 5, masaa ya kawaida ya wiki yanabaki 45 na ovataimu isizidi 10 kwa wiki. Kwa iyo ukitoa saa ya chakula unafanya 11 mara 5, ni 55, na zile 10 zilizovuka 45 ni za moja na nusu. Kama hakuna karatasi iliyosainiwa, unarudi kwenye hesabu ya saa 9 kwa siku kama wengine wote.

Swali la mwisho lilikua la mzee wa kupaki, kwamba akilipwa kwa mwezi ile 115,500 anazidisha na 4? Hapana mzee wangu. Wiki ya oda sio kila wiki. Msingi wako wa mwezi unabaki 390,000 kama ulivyo, hauguswi, unajumlisha masaa ya ovataimu ya mwezi mzima unazidisha na 3,000 unaongeza juu. Ukiwa na saa 8.5 wiki ya kwanza, 4 ya pili, hakuna ya tatu, na 6 ya nne, ni 18.5, ovataimu 55,500, mwezi 445,500 kabla ya posho na makato. Wiki unazihesabu ili ujue masaa, hela ya mwezi inatoka kwenye msingi.

Na ukigundua umepunjwa, andika karatasi moja tu. Tarehe kila siku, muda wa kuingia na kutoka, saa za ovataimu, bei ya saa na umegawa kwa ngapi, walicholipa, ulichotakiwa kulipwa, tofauti. Mpe mhasibu au afisa utumishi, baki na nakala, na mwite mtu wa tawi awepo. Wengi huwa wanarekebisha hapo hapo wakiona namba zimekaa. Wasiporekebisha, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea mgogoro wa aina hii ndani ya siku 60 toka ulipotokea, sio mwaka, sio mpaka utakapoacha kazi, kwa iyo msizikusanye slipu mkisubiri. Aliyekuja na slipu yake leo aisogeze hapa mbele, kalkuleta ipo, tunaanza na mstari wa msingi.